Ombi la Kumhamishia Mwanafunzi Mchepuo wa Sayansi

Uyole,
Mbeya.
15 Julai 2024

Mkuu wa Shule,
Mbeya.

Ndugu Mwalimu,

YAH: OMBI LA MWANANGU UPENDO, KIDATO CHA TATU B, KUHAMIA MCHEPUO WA SAYANSI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba Upendo ahamishwe kutoka sanaa kuanzia muhula huu wa pili, asome Fizikia na Kemia na aache Fasihi ya Kiingereza.

Januari, mwenyewe alijaza sayansi kwenye fomu. Mimi ndiye niliyemfutisha. Kaka yake alipata F ya Fizikia Kidato cha Nne, nikaogopa. Kosa ni langu, si la mwalimu wa taaluma.

Ripoti ya Juni imenifungua macho. Baiolojia amepata 81 na Hisabati 68, masomo ambayo wanasanaa wengi wanayakimbia. Fasihi ya Kiingereza, ambayo ndiyo tuliyomhamishia, amepata 33. Historia 42. Kwa mtoto anayesomea sanaa, hesabu hiyo imekaa kinyume.

Kemia hayupo darasani, lakini mwezi Mei mwalimu wa somo alimruhusu kufanya jaribio la moli pamoja na 3A, akapata 58 kwa daftari la kuazima. Amelinakili lote kwenye kibanda changu cha viazi, kurasa nyingine zina alama za vidole vyenye udongo. Kwenye karatasi ya jaribio, jibu la mwisho lilikuwa sahihi ila alisahau kizio; mwalimu amelizungushia wino mwekundu na kuandika "g?". Tangu hapo hata bei ya debe anaiandika na kizio.

Sitaficha kwamba Fizikia ndiyo yenye shaka. Upimaji wa Kidato cha Pili alipata C, na sasa amekosa mada za muhula mzima. Nimeshakubaliana na mwalimu wa tuisheni amfundishe kila Jumamosi. Naomba apimwe mwishoni mwa Septemba: akipata chini ya 45 katika Fizikia au Kemia, nitakubali arudi sanaa bila manung'uniko. Kukisubiriwa mwakani, usajili wa masomo ya mtihani wa Kidato cha Nne utatukuta bado tunajadiliana.

Anataka utabibu, na chuo cha afya hakitampokea bila kufaulu Kemia, Baiolojia na Fizikia. Kama kikwazo ni nafasi 3A, meza na kiti nitaleta mwenyewe.

Nikihitajika nitafika shuleni siku yoyote kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya hapo magari ya viazi huwa yameanza kupakia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama Upendo
(Mzazi)

Viambatisho: ripoti ya muhula wa kwanza, matokeo ya upimaji wa Kidato cha Pili, karatasi ya jaribio la Kemia.