Mradi wa hosteli: kazi zilizobaki tugawaneje

Habari za jioni Baraka,

Nakuandikia wewe peke yako kabla sijaligusa hili kwenye kundi la WhatsApp, maana kule maneno hayachelewi kugeuka ugomvi. Mfumo wa kugawa vyumba tunauwasilisha Ijumaa ya tarehe 20, na leo nimeendesha hii:

```
git shortlog -sn main
```

Yametokea majina mawili, langu na la Asha. Najua komiti hazionyeshi kila kitu. Mchoro wa majedwali ya hifadhidata ni wako, na ndio tunaoufuata mpaka leo. Lakini mhadhiri alishasema kila mmoja ataitwa peke yake aeleze msimbo aliouandika, na hapo mimi na Asha hatutaweza kukujibia.

Kama umekwama, iwe ni laptop, bando au Django kugoma kwenye mashine yako, niambie. Na kama kuna ulichoandika kikabaki kwako, kisukume GitHub hata kikiwa nusu.

Napendekeza wewe uchukue risiti ya malipo pamoja na ukurasa wa orodha ya waliopangiwa vyumba. Sikuchagua hivyo kwa sababu ni vyepesi. Modeli ya `Malipo` ipo tayari kwenye `models.py`, kwa hiyo huna wa kumsubiri, na mchoro unaujua kuliko sisi. Fungua tawi lako la `risiti`, ukimaliza kipande nitakipitia siku hiyohiyo.

Mimi nabaki na lile tatizo la wanafunzi wawili kupewa kitanda kimoja wakiomba kwa wakati mmoja. Nitafunga safu ya kitanda kwa `select_for_update()` ndani ya `transaction.atomic()`, ila bado sijaona litakavyokaa na foleni ya wanaosubiri, na nadhani litanila siku kadhaa. Asha ataandika majaribio na kuupandisha mfumo kwenye seva. Ripoti kila mtu aandike sehemu yake. Kuna aliyeshauri tukuachie ripoti yote, nikakataa: haitakusaidia ukianza kuulizwa maswali.

Toleo la kwanza la sehemu yako naomba liwe limeingia Jumatatu tarehe 16, ili tupate siku za kuunganisha na kurekebisha migongano. Ukiona mzigo haujakaa sawa, sema tubadilishane. Majaribio nayo yanaweza kukufaa, Asha hana neno.

Nijibu kabla ya Jumatano jioni. Nisipokusikia, risiti tutaigawana mimi na Asha, na kwenye jedwali la michango tutaandika kile ambacho kila mtu amefanya, mchoro wako ukiwemo. Nisingependa tufike huko.

Alhamisi saa kumi nitakuwa maabara ya kompyuta. Njoo na laptop, tuianze risiti pamoja.

Neema