Duka la Hajati: Hesabu za Duka Lililofungwa Walukuba, Jinja, Uganda

Jamani, habari za jioni. Mwenyekiti kanipa nusu saa, nami naijua nusu saa ya Walukuba, kwa hiyo sitazunguka.

Wengi wenu mnalikumbuka duka la Hajati, pale kona, mlango wa bati la kijani. Leo pana kinyozi. Mimi nilifanya kazi humo miaka sita, nikipima sukari na kufunga mafuta ya kula kwenye kavera ndogo. Kabla ya kuja hapa nilikwenda kumwomba ruhusa. Akaniambia, "Mwanangu, sema yote, ila usinisifu sana, watu watajua unadanganya." Akanipa na madaftari yake. Haya hapa mawili, hilo jekundu ndilo la madeni.

Ukiuliza mtaani duka lilikufa kwa nini, utaambiwa korona, au utaambiwa yule kijana aliyefungua duka hatua sitini kutoka kwetu. Mimi pia nilikuwa nasema hivyo hivyo mpaka nikakaa na haya madaftari wiki nzima.

Tuanze na korona. Machi 2020 usafiri ulipofungwa, maduka ya chakula yaliachwa yafanye kazi. Mtu hawezi kwenda mjini, atanunua wapi? Kwetu. Na shule nazo zilikuwa zimeshafungwa. Hajati alikuwa na wajukuu watatu shule ya bweni, na sasa ada hakuna. Pesa ikawa inalala dukani. Desemba 2021 tulihesabu mali yote, tukapata milioni nne na laki mbili. Haikuwahi kufika hapo. Siku hiyo alichinja kuku, mimi nikapewa paja.

Januari 2022 shule zikafunguliwa nchi nzima. Ada ya watoto watatu, magodoro, sare mpya maana za zamani zilishawabana: milioni moja na laki tatu. Zikatoka kwenye droo.

Msikimbilie kumlaumu. Nani hapa atamwacha mjukuu nyumbani mwaka wa tatu? Lakini tuipime ile pesa kwa sukari. Gunia la kilo 50 tulilinunua 170,000. Tukipima robo kwa 1,000, zinatoka robo 200, ni 200,000. Toa boda 5,000, toa kavera, toa inayomwagika kwenye mizani (na nakiri mkono wangu ulikuwa mwepesi kwa mabinti fulani, wengine mpo humu). Inabaki kama 20,000. Ili faida ya sukari ikulipe 1,300,000, lazima upime magunia 65. Sisi tuliuza matatu kwa mwezi. Haya, pigeni hesabu: inakaribia miaka miwili ya kupima, na Mei muhula wa pili unaanza.

Mwaka huo huo bei za mafuta ya kula na sabuni zikapanda, mnakumbuka tulivyokuwa tunakata mche wa sabuni vipande vidogo. Kwa hiyo pesa imepungua, na kila shilingi iliyobaki inanunua kidogo kuliko jana. Gunia likawa halishikiki. Hajati akaanza kununua kilo kumi kumi, kwa bei ya juu, na kwa kuwa kilo kumi zinaisha upesi, akawa anapanda boda kwenda mjini kila asubuhi.

Aprili akaniachisha kazi. Nilinuna, sikumsalimia mwezi mzima. Mshahara wangu ulikuwa 120,000, na yeye aliona anaokoa hizo. Lakini ni mimi niliyekuwa nafungua mlango saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nyie mliozaliwa humu mnaujua mtaa huu: nyumba hizi zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda, na hata leo watu wanapita gizani kwenda zamu. Mkate, sigara mbili, salio la elfu moja, kiberiti. Saa moja na nusu wameshapita wote. Sasa Hajati yuko mjini anatafuta kilo kumi zake, anarudi saa tatu. Mlango wa kijani umefungwa, mtu wa zamu anaupita. Kesho anaupita tena. Keshokutwa haugeukii hata kichwa.

Yule kijana alifungua duka lake Juni, miezi miwili baadaye. Nimekwenda kumuuliza bei za wakati ule, hakunificha. Sabuni yake ilikuwa ghali kuliko yetu kwa shilingi mia mbili. Alichotuzidi ni kwamba alfajiri alikuwa macho na taa imewaka.

Mobail mani nayo ina kisa chake. Pesa ile ni mtaji wa kuhudumia wateja: ukitaka kuwahudumia, uwe na floti kwenye simu na keshi mkononi. Hajati akikwama, anachukua keshi ya mobail mani ananunulia unga wa posho. Mtu anakuja kutoa 50,000, anaambiwa, "Rudi jioni, mwanangu." Atarudi mara moja tu, ya pili hutamwona. Na yule akiondoka, anaondoka na ile chumvi aliyotaka kununua akishapata pesa.

Sasa hili jekundu. Zamani mkopo wa duka ulikuwa na akili yake. Baba ana kazi ya kudumu kiwandani, mshahara unatoka mwisho wa mwezi, analipa, anaanza ukurasa mpya. Siku hizi wengi ni vibarua, wiki hii yumo, wiki ijayo geti limefungwa. Hajati aliendelea kukopesha kwa kalenda ya marehemu mumewe. Humu kuna majina 41, jumla 1,860,000. Na wengine niliwaandika mimi bila kumuuliza.

Lakini deni lenyewe halikuniuma kama tabia ya wadaiwa. Kuna fundi mmoja, simtaji, alidaiwa 38,000. Akaanza kupita njia ya nyuma ya msikiti ili asionekane. Mkewe naye akahamia kwa yule kijana, na kule ananunua kwa keshi, kama 3,000 kwa siku. Kwa mwezi hiyo ni 90,000. Mteja yupo, pesa anayo, mtaa ni ule ule, ila aibu ya 38,000 inampitisha mbali. Nilimwuliza Hajati kwa nini hakumwambia tu, "Lipa elfu kumi, nyingine nimekusamehe, rudi." Alinitazama kwa muda. Akasema, "Nilingoja aje aombe yeye."

Februari 2023, kabla ya ada ya muhula wa kwanza, akauza mizani na friji, akalipa kodi ya miezi miwili, akamrudishia mwenye nyumba ufunguo. Rafu zilibaki na kiberiti na majani ya chai. Siku hizi anauza mandazi barazani kwake, asubuhi na mapema, kwa keshi tu.

Basi, nawapitishia daftari la mauzo, muwe watatu watatu. Fungueni Machi 2022, pale nilipokunja ukurasa. Duka lina mali ya milioni mbili na laki tano, mimi bado nimo, yule kijana hajafika, na ada ya Mei ni laki tisa. Mmekaa upande wa Hajati wa meza. Sukari imebaki kilo nne. Mnanipa dakika kumi mniambie kesho asubuhi nani anakwenda mjini, na nani anafungua mlango.