Jaribio la Sarufi: Ngeli na Upatanisho wa Kisarufi

Kidato cha Pili, Muhula wa Pili
Muda: dakika 40. Alama: 30

Jibu maswali yote. Pale penye mabano, andika neno lililo sahihi pekee. Usinakili sentensi nzima. Jibu lililofutwafutwa hadi halisomeki halitapata alama. Kabla ya kuandika jiulize nomino iko katika ngeli gani, si inaanza kwa herufi gani.

Sehemu A: Vitenzi (alama 8)

1. Kiboko (kimevuka, amevuka, limevuka) mto usiku.
2. Kiboko cha mchungaji (kilivunjika, alivunjika) alipokipiga mwambani.
3. Ukuta wa jikoni (umepasuka, imepasuka), lakini kuta za vyumba vya kulala (vimesalimika, zimesalimika, umesalimika). (alama 2)
4. Maji ya kisima hiki (imekauka, yamekauka).
5. Mfukoni mwake (mna, pana) shilingi ishirini.
6. Kuimba kwake (anafurahisha, inafurahisha, kunafurahisha) wageni.
7. Madaktari wa wilaya (yamewasili, wamewasili).

Sehemu B: Vivumishi (alama 8)

8. Baba amenunua jembe (mpya, jipya, kipya).
9. Nyuzi (mirefu, ndefu, nrefu) zimenasa kwenye cherehani.
10. Mtoto ana meno (maeupe, weupe, meupe).
11. Shati (nyeupe, jeupe) halifichi doa.
12. Tulipita njia (nyembamba, mwembamba).
13. Hapa ni mahali (mzuri, pazuri, kuzuri).
14. Vyakula (vyingi, vingi) viliharibika.
15. Ng'ombe (nyeusi, weusi) wamelala kivulini.

Sehemu C: Kifungu (alama 8)

16. Soma kifungu kizima kwanza, kisha uandike majibu kwa mpangilio wa herufi.

Malori (a: zilifika, yalifika) soko la Kongowea kabla ya jua kuchomoza. Mchuuzi mmoja alifungua magunia (b: yote, zote) ya viazi ndipo akachagua. Mzigo (c: ambayo, ambao, ambalo) mpagazi alibebeshwa ulikuwa mzito. Kabla hajafika barabarani, kamba (d: iliyoifunga, uliyoufunga, iliyoufunga) mzigo huo ilikatika, viazi (e: zikamwagika, vikamwagika) mtaroni. Kijana (f: chenye, mwenye) mkokoteni (g: akaviokota, akaziokota) kimoja kimoja, ingawa mkokoteni wenyewe (h: ilikuwa, ulikuwa) na pancha.

Sehemu D: Wingi (alama 6)

17. Andika sentensi hizi katika wingi.
(a) Ulimi mrefu wa kinyonga umemnasa nzi huyu.
(b) Ua hili limenyauka.
(c) Ua huu umeanguka.

Mwongozo wa kusahihisha (kwa walimu pekee)

Sehemu A: amevuka, kilivunjika, umepasuka, zimesalimika, yamekauka, mna, kunafurahisha, wamewasili.

Maswali 1 na 2 yamewekwa pamoja makusudi. Kiboko mnyama ana uhai, basi huchukua upatanisho wa A-WA ingawa umbo lake ni la KI-VI; kiboko cha kuchapia hubaki KI-VI. Atakayeandika "kimevuka" na "kilivunjika" ametazama herufi tu, na hiyo ndiyo tabia tunayotaka kuivunja. Swali la 7 linapima jambo lilo hilo kwa umbo la LI-YA. Swali la 5, "mwake" tayari imeshaonyesha ndani.

Sehemu B: jipya, ndefu, meupe, jeupe, nyembamba, pazuri, vingi, weusi.

"Shati nyeupe" utaisikia kila duka la nguo, na sitamkatiza mteja. Humu hapati alama: shati ni LI-YA, kama inavyoonekana katika "halifichi". Swali la 14 huwanasa hata wale wazuri: vyakula vina "vy-", lakini vi- na -ingi huungana kuwa vingi.

Sehemu C: (a) yalifika (b) yote (c) ambao (d) iliyoufunga (e) vikamwagika (f) mwenye (g) akaviokota (h) ulikuwa.

Kipengele (d) ndicho kigumu kuliko vyote, kwa sababu kitenzi kimoja kinabeba ngeli mbili: i- ya kamba iliyofunga, na -u- ya mzigo uliofungwa. Ukiona darasa zima limekikosa, kirudie ubaoni badala ya kugawa alama za huruma.

Sehemu D (alama 2 kila sentensi):
(a) Ndimi ndefu za vinyonga zimewanasa nzi hawa.
(b) Maua haya yamenyauka.
(c) Nyua hizi zimeanguka.

Katika (a), nzi haibadiliki, kwa hiyo wingi wake unaonekana kwenye -wa- na "hawa". Akiandika "zimemnasa", toa alama moja. Katika (b) na (c), aliyebadilisha nomino vizuri akakosea kitenzi apewe alama moja. Aliyeandika "maua" kote mbili hajaona tofauti kati ya ua la kunusa na ua wa kuzungushia nyumba, wala hakusoma "hili" na "huu": (c) ni sifuri. Makosa ya tahajia yasiyogusa kiambishi yapuuzwe.