Mpango wa Safari ya Familia: Morogoro na Mikumi, 13–19 Juni 2026

Wasafiri ni sita: baba, mama, bibi na watoto watatu, yaani kifungua mimba mwenye miaka 8, wa pili mwenye miaka 5 na kitinda mimba wa miezi 18. Mwendo wa safari hii unapangwa na kitinda mimba. Kwa hiyo kila siku ina shughuli moja kubwa tu, inayofanyika kabla ya jua kali, na usingizi wake wa saa 7 mchana hauguswi kwa sababu yoyote.

Tiketi na malazi

Tunakwenda Morogoro kwa treni ya SGR kutoka Stesheni ya Magufuli, kwa sababu foleni ya Kimara hadi Kibaha pekee huwachosha watoto kabla safari haijaanza. Nauli ya treni ya kawaida ni shilingi 13,000 kwa mtu mzima na 6,500 kwa mtoto wa miaka 4 hadi 12, hivyo kwenda na kurudi kutagharimu shilingi 104,000, kitinda mimba akipakatwa bila kulipiwa. Baba atakata tiketi za pande zote mbili kwa pamoja, maana wakati wa likizo nafasi huisha mapema, na kila mtu mzima atabeba kitambulisho chake halisi.

Nyumba ya wageni ya Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru, imeshalipiwa malipo ya awali kwa usiku tatu. Ina jiko, jambo ambalo mama alilisisitiza kwa ajili ya uji wa mtoto. Malazi ya mji wa Mikumi, nje ya hifadhi, ni ya usiku tatu pia. Noah yenye dereva imekodiwa kuanzia Jumanne, na tumekubaliana naye kwamba mikanda yote ya viti vya nyuma iwe inafanya kazi. Kiti cha mtoto cha gari tunakibeba wenyewe. Kiingilio cha hifadhi hakipokelewi kwa fedha taslimu. Hulipwa kwa namba ya malipo. Mtoto wa chini ya miaka 5 haingii katika hesabu hiyo.

Mizigo

Juni ni kipupwe, na Morogoro usiku huwa na baridi ambayo watoto wa Dar hawajaizoea, kwa hiyo kila mtoto abebe sweta moja, soksi na suruali ndefu za kulalia. Kwa Mikumi tuchague nguo za rangi ya kaki au kijivu, kwani mbung'o huvutwa na bluu iliyokolea na nyeusi. Begi la dawa, ambalo litakuwa mikononi mwa bibi wakati wote, liwe na kipimajoto, paracetamol ya maji, ORS, zinki, dawa ya kupaka ya kufukuza mbu na kadi za bima. Mtoto akipata homa, apimwe malaria siku hiyo hiyo, hata kama ratiba itavunjika.

Khanga doti mbili zisisahaulike. Kipande kimoja kitatandikwa chini, kingine kitafungwa dirishani kuzuia jua, cha tatu kitambeba mtoto mgongoni, na cha nne kibaki kikavu kwa dharura. Nepi za siku mbili ziwekwe kwenye begi la mkononi. Nyingine tutanunua Morogoro.

Siku kwa siku

Jumamosi tutafika stesheni mapema, watoto wakiwa wameshakunywa chai nyumbani. Jumapili ni mapumziko kamili: baada ya ibada ya asubuhi, hakuna kutoka wala kutembelea ndugu, ambao wameshaarifiwa kwa heshima. Jumatatu asubuhi tutakwenda Soko Kuu la Chifu Kingalu kununua matunda, na jioni watoto watacheza Rock Garden, ambako wa pili asiachwe peke yake karibu na maji.

Jumanne tutaelekea Mikumi. Barabara kuu inakatiza hifadhi yenyewe, hivyo huenda watoto wakaona twiga na swala kabla hata ya kulipa kiingilio. Mchana ni kulala.

Jumatano ndiyo siku kubwa. Tutakuwa langoni saa 12 asubuhi, wanyama wakiwa bado wanatembea, kisha tutazunguka Uwanda wa Mkata na bwawa la viboko hadi saa 4 tu. Kifungua mimba atashika darubini na daftari la kuchora. Asiyeona simba asibembelezwe kwa ahadi ya kurudi mchana, kwani hatutarudi.

Alhamisi ni mapumziko tena, kwa kufua, kuchora na kusikiliza hadithi za bibi. Ijumaa tutaondoka Mikumi mara baada ya kifungua kinywa ili tuiwahi treni ya alasiri bila kumkimbiza dereva. Wali na samaki wa jioni vitapikwa na shangazi, ambaye ameachiwa ufunguo wa nyumba.