Mbuzi ya Nazi

Tangu wamzike mkewe, Fundi Salimu hajakaa chini. Matanga hayajaanuliwa, yeye keshafungua karakana yake ya uani, pale Ngamiani, Tanga, na kupokea kazi ya vitanda 3. Alfajiri randa inalia; usiku wa manane, msasa. Makabati, madawati ya madrasa, hata mlango wa banda la kuku la jirani. Watu wakasema, maskini, amejikaza kiume. Hakuwa amejikaza. Aliogopa kimya cha chumbani.

"Baba, pumzika japo leo," Mwanahawa alimwambia siku ya arobaini.

"Wateja wanasubiri, mwanangu."

"Basi nitengenezee mbuzi ya mama. Mguu unacheza, na wali wa hitima unataka tui."

Akaipokea bila kuitazama. Kazi ndogo: gundi, msumari, dakika 5. Alipoipindua ndipo alipoona mguu umefungwa kwa kipande cha kanga, fundo juu ya fundo. Mwezi mzima kabla ya kuugua mkewe alikuwa akimwambia, "Baba Mwanahawa, mbuzi yangu," naye akijibu, kesho. Kwenye meno ya chuma machicha yalikuwa yamekauka, yamegeuka manjano.

Akajaribu kulifungua fundo. Vidole havikumtii. Akakaa pale pale kwenye vumbi la mbao, mbuzi mapajani, na sauti iliyomtoka ikafika jikoni.

Mwanahawa alikuja mbio. Hakusema neno. Aliurudishia mlango wa karakana, akaketi kando yake.