Yah: Kengele ya chumba baridi cha chanjo – ombi la uamuzi kabla ya shehena ya Aprili 14

Kwa: Mkurugenzi wa Ugavi
Nakala: Meneja wa Bohari

Mkurugenzi,

Salaam na pole na majukumu.

Nakuandikia kwa ridhaa ya Meneja wangu, Bwana Hamisi, ambaye nimemweka kwenye nakala. Tulizungumza Ijumaa, nikamwambia ningependa suala hili likufikie, naye akakubali. Asubuhi ya leo amesoma rasimu ya barua pepe hii na kusahihisha tarehe mbili nilizozikosea.

Kengele ya tahadhari ya chumba baridi haifanyi kazi tangu Machi 4. Kipimajoto kinaendelea kurekodi, ila joto likitoka nje ya kiwango cha nyuzi 2 hadi 8 hakuna mlio unaotoka wala ujumbe unaomfikia mtu. Bwana Hamisi alipeleka ombi la kifaa kipya Manunuzi Machi 6 na kulikumbushia Machi 17 na Machi 27. Jibu lililorudi Machi 28 ni kwamba gharama ya kifaa hicho imezidi mamlaka ya Bwana Hamisi ya kuidhinisha, kwa hiyo lazima isubiri bajeti ya robo mwaka ijayo. Kwa upande wake amefanya kila alichoweza, na naomba ujumbe huu usisomeke kama malalamiko dhidi yake.

Kuna jambo moja ambalo mimi na yeye hatujakubaliana, na ni haki ulisikie kwangu huku naye akisoma. Yeye anaona kwamba kusoma kipimajoto kwa macho mara mbili kwa siku, saa 2 asubuhi na saa 10 jioni, kunatosha kutufikisha robo ijayo. Hoja yake ina uzito: majokofu yenyewe ni mazima na fundi ameyakagua. Hofu yangu ni zile saa 16 kati ya jioni na asubuhi ambazo hakuna anayeangalia.

Usiku wa Machi 19 kidhibiti joto kilikwama na jokofu likaendelea kupoza. Rekodi zinaonyesha joto lilikuwa chini ya nyuzi 2 kwa saa 3 na dakika 40, na lilishuka hadi nyuzi 0.9. Tulikuja kujua asubuhi, tulipozisoma rekodi hizo. Halikufika kwenye kuganda, hivyo hatukupoteza chupa hata moja. Lakini lingeendelea kushuka usiku ule, tusingekuwa na wa kulizuia.

Nasisitiza baridi kuliko joto kwa sababu wengi wetu tumezoea kuogopa joto peke yake. Chanjo ya surua huvumilia kuganda. Ya pepopunda, ya homa ya ini B na ile ya mchanganyiko wa magonjwa matano haivumilii: ikiganda mara moja nguvu yake inaharibika, na ikishayeyuka mtu anaweza kuitazama chupa asione tofauti. Joto likipanda, kidude cha rangi kwenye lebo hubadilika na kutuonya. Kwa kuganda hakibadiliki. Ndiyo maana kengele huwekwa ilie joto likifika nyuzi 0.5 chini ya sifuri na kubaki hapo kwa saa moja, ili mtu awahi kabla chupa hazijaganda. Chanjo iliyoharibika hivyo inaweza kutoka hapa na kuchomwa mtoto, mama yake akarudi nyumbani akiamini amekingwa. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Shehena mpya inaingia Jumatatu, Aprili 14, na sehemu kubwa yake ni chanjo zisizovumilia kuganda. Kwa hiyo naomba mambo mawili, yote yakiwa nje ya mamlaka ya Bwana Hamisi.

La kwanza ni idhini yako kwa ombi la Machi 6, ambalo nimeliambatisha pamoja na ankara kifani na rekodi za usiku wa Machi 19.

La pili, iwapo idhini hiyo haitawezekana sasa, ni ruhusa kwa walinzi wa zamu ya usiku kusoma kipimajoto kila baada ya saa mbili na kunipigia simu kikitoka kwenye kiwango. Nitawafundisha mwenyewe, somo lenyewe halizidi nusu saa. Bwana Hamisi analiunga mkono hili.

Tukipata jibu lako kufikia Alhamisi, Aprili 10, tutakuwa na siku ya Ijumaa ya kujipanga. Kama kuna sababu ya kusubiri ambayo sisi huku bohari hatuioni, tafadhali tujulishe, tutapanga kazi kulingana nayo. Ukipenda tuzungumze ana kwa ana, naomba tuje wote wawili, mimi na Bwana Hamisi.

Wako katika kazi,

Neema
Mtunza Bohari, Chumba Baridi