Kufika kwetu Ijumaa: saa, funguo na njia

Shikamoo mama. Habari za hapo nyumbani? Mimi ni yule mgeni niliyeweka nafasi ya nyumba yako ya chini, kuanzia Ijumaa hii mpaka Jumanne asubuhi. Tuko wanne: mimi, mke wangu, mtoto wetu wa miaka mitatu na mama yangu mzazi. Naomba tuelewane mapema juu ya saa ya kufika, funguo na njia, maana tutaingia giza limeshatanda.

Kuhusu saa, kwanza nisamehe. Nilipokuwa najaza fomu niliandika 7:00, kichwani mwangu nikihesabu saa moja ya usiku. Uthibitisho uliporudi nikaona umeandikwa 07:00, kana kwamba tunafika asubuhi. Tafadhali usitutarajie asubuhi. Tiketi ya basi inasema tunafika stendi 19:40, yaani saa moja na dakika arobaini usiku. Ukiongeza kushusha mizigo na kutafuta teksi, nadhani tutakuwa mlangoni kwako kwenye saa mbili na nusu usiku, na basi likichelewa, saa tatu.

Nimesoma kwenye masharti yako kwamba mwisho wa kupokea wageni ni 20:00, saa mbili usiku. Je, utaturuhusu kuingia baada ya hapo? Kama kuna nyongeza ya malipo kwa kuchelewa, niambie tu, nitalipa. Nikiona safari inavuta nitakutumia ujumbe tukiwa bado njiani, usije ukakesha kutusubiri.

Funguo ndizo zinanipa wasiwasi zaidi. Ningependa tuonane ana kwa ana unikabidhi mkononi. Kama saa hiyo utakuwa umepumzika, basi mtu mwingine wa nyumbani anipokee, na unitumie namba yake ya simu. Kama utaziacha kwenye kile kisanduku cha namba kinachoonekana kwenye picha ya baraza, naomba unitumie namba zake siku hiyohiyo ya Ijumaa, na unieleze kama kinafunguka kwa kubonyeza au kwa kuzungusha. Nakuomba sana zisiachwe chini ya zulia la mlangoni wala kwenye chungu cha maua, kwa usalama wako na wetu. Nijulishe pia ziko ngapi: ya geti na ya mlango ni mbali mbali? Na kama kitasa kina ukaidi wake, labda mlango unataka kuvutwa kidogo ndipo ufunguo uzunguke, nieleze. Mwaka jana, kwenye nyumba nyingine, tulihangaika na mlango wa namna hiyo karibu saa nzima, mtoto analia, na kumbe ufunguo ulikuwa sahihi tangu mwanzo. Mama alikaa juu ya begi mpaka tukafungua. Sitaki yamkute tena.

Sasa njia. Ramani ya simu imeweka alama ya nyumba yako katikati ya uwanja wa mpira, na sioni barabara inayofika pale. Tafadhali nielekeze kwa maneno, kuanzia stendi, kama unavyomwelekeza dereva: tunashika barabara ipi, tunakata kushoto au kulia penye nini, na tukishaingia mtaani ni geti la ngapi na la mkono upi. Kwa kuwa ni usiku, alama zenye taa zitanisaidia kuliko rangi ya ukuta. Ukiweza kunirekodia sauti, itakuwa bora zaidi, nitamsikilizisha dereva mwenyewe. Picha moja ya geti ukiwa umesimama barabarani nayo itanifaa sana.

Jambo moja la mama: magoti yanamsumbua. Je, gari linafika mpaka getini au kuna mahali pa kutembea? Kama kuna ngazi, ni ngapi, na zina pa kushikilia? Nikijua mapema nitamwomba dereva atusogeze upande ulio rahisi kwake. Ukituwashia taa ya nje utakuwa umetusaidia mno.

Nakuomba unijibu kabla ya Alhamisi jioni. Ijumaa tunaondoka saa kumi na moja alfajiri, na kuna sehemu ndefu njiani ambako mtandao haushiki, kwa hiyo nataka maelekezo yako niwe nimeshayanakili kwenye karatasi. Tukishuka stendi nitakupigia, simu ikiwa bado ina chaji. Ikizima, mke wangu atakupigia kwa namba ngeni, usiache kupokea.

Asante sana mama. Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mgeni wako wa Ijumaa